Kiwanda kinataka kusaga viungo vya pilau kwa jina langu

*"Assalaam aleikum, wakili. Nasaga na kufunga viungo vya pilau hapa Mombasa, pakiti kama 1,500 za gramu 50 kwa mwezi, na alhamdulillahi jina limeshajulikana. Sasa kiwanda kimoja cha Nairobi kinataka kunipa shilingi 300,000 mara moja, wao watengeneze kwa jina langu kwa miaka 10. Wanasema ubora nisiwe na wasiwasi nao, wana mashine na maabara. Nachelea jina lisije likaharibikia mikononi mwao. Nikubali? Na nikikubali, nitawadhibiti vipi nami niko huku?"*

Waaleikum salaam, dada. Kwa masharti hayo, usikubali. Lakini usiwafukuze, kwa sababu kiwanda chenye mashine na magari ya kusambaza kinaweza kukufikisha mahali ambapo kinu chako hakitakufikisha. Kinachotakiwa ni kubadilisha mpango wenyewe. Shilingi 300,000 kwa miaka 10 ni 2,500 kwa mwezi, na ukishazipokea zote siku ya kwanza huna tena cha kuwashikia. Watakaposaga vibaya mwaka wa tatu, utawaambia nini? Fedha umeshakula, na jina liko kwao.

Kabla ya yote, hakikisha jina hilo ni lako kisheria. Hujasema kama umelisajili kama alama ya biashara. Usajili wa jina la biashara ni kitu kingine, na wengi huchanganya hayo mawili. Alama ya biashara husajiliwa KIPI, taasisi ya serikali ya Kenya inayosajili alama hizo, na viungo vya chakula viko katika daraja la 30 la bidhaa. Kwanza unaomba upekuzi kuona kama kuna mwingine mwenye jina linalofanana na lako, kisha unapeleka ombi. Likipita uchunguzi, linatangazwa, na watu wana siku 60 za kupinga. Wasipopinga, unapata cheti cha miaka 10 kinachohesabiwa tangu siku ya ombi, na kinaweza kuhuishwa. Maneno "viungo vya pilau" peke yake hutapewa, maana kila muuza viungo ana haki ya kuyatumia. Kinacholindwa ni lile jina lako la pekee lililo juu ya pakiti, pamoja na mchoro wake ukipenda.

Peleka ombi hilo kabla hujawapelekea rasimu yoyote ya mkataba. Nimeona zaidi ya mara moja mazungumzo yakiendelea kwa upole huku upande wa pili umekwisha kuomba usajili kwa jina lake. Aliyelitumia jina kwanza anaweza kulipigania, ila kwa wakili, kwa mashahidi na kwa muda mrefu. Nao wakikuambia wanataka kuuza Tanga na Unguja, kumbuka cheti cha Kenya hakivuki mpaka. Tanzania Bara utasajili BRELA, na Zanzibar ina usajili wake peke yake BPRA. Usiwape ruhusa ya nchi ambayo jina hujalisajili.

Sasa tuje kwenye hofu yako, ambayo ndiyo kiini cha jambo lote.

Kuna kesi ya Marekani ambayo mawakili wa fani hii huirudia, na inakuhusu ingawa ni ya mvinyo. Kampuni ya Barcamerica ilikuwa imesajili jina Leonardo da Vinci kwa mvinyo tangu 1984. Mwaka 1988 ikaanza kumruhusu mtengenezaji mwingine atumie jina hilo kwa malipo. Baadaye ikamshitaki muagizaji aliyekuwa akileta Marekani mvinyo wa Italia wenye jina hilohilo. Mahakama ikauliza swali jepesi: wewe mwenye jina, ulikuwa ukiangalia vipi ubora wa kinachouzwa kwa jina lako? Mwenye kampuni akajibu kwamba alikuwa akionja mara mojamoja, na kwamba mtengenezaji alikuwa na fundi wa mvinyo mwenye sifa kubwa. Ikabainika fundi huyo alikuwa ameshafariki. Mwaka 2002 mahakama ya rufaa ikaamua kuwa kampuni ilikuwa imelitelekeza jina lake, na haki ikapotea. Mahakama haikuhitaji kuthibitisha kwamba mvinyo ulikuwa mbaya. Tatizo ni kwamba mwenye jina hakuwa akisimamia.

Sheria yetu si ile, lakini mkondo ni mmoja. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Alama za Biashara ya Kenya kinaruhusu kiwanda kiandikishwe KIPI kama mtumiaji aliyesajiliwa wa alama yako, na katika ombi hilo mnatakiwa mueleze uhusiano wenu na kiasi cha udhibiti ulio nao juu ya matumizi. Kikishaandikishwa, matumizi yao yanahesabiwa kuwa yako. Hilo lina uzito, kwa sababu alama isiyotumiwa na mwenyewe kwa miaka 5 inaweza kuombewa ifutwe, na wewe huenda ukaacha kusaga pakiti zako. Kwa hiyo andikisha mkataba, na weka kumbukumbu za kila unachokagua. Wanapokuambia "ubora tuachie sisi", wanakuomba kile hasa ambacho huruhusiwi kukitoa.

Unadhibiti vipi ukiwa Mombasa? Mikataba mingi ninayoletewa ina sentensi moja tu: "mtengenezaji atadumisha ubora wa hali ya juu". Sentensi hiyo haina thamani, kwani hakuna atakayekubali kwamba ubora wake ni wa chini. Unahitaji karatasi ya vipimo iliyoambatishwa kwenye mkataba, yenye mambo ambayo mtu asiyewajua nyote wawili anaweza kuyapima akasema limetimia au halikutimia.

Fikiria mahali ambapo kiwanda kitabana gharama. Iliki na karafuu ni ghali, kwa hiyo zitapunguzwa. Bizari nyembamba itaongezewa dania kavu, ambayo ni rahisi zaidi, na kwenye unga rangi hazipishani sana. Chumvi au unga wa mahindi huongeza uzito. Kinu kinachoendeshwa mbio mno hutoa unga moto, na moto huo unapeperusha mafuta yanayobeba harufu. Hakuna aliyeiba kiungo, ila mpishi atafungua pakiti asisikie kitu. Mwisho ni kifungashio. Nailoni nyembamba ya tabaka moja hupitisha harufu, na pakiti iliyokaa dukani miezi minne huwa vumbi la rangi tu. Mteja hatasema kiwanda kimebana. Atasema viungo vya fulani siku hizi si vile.

Kila moja ya hizo igeuze kuwa kipimo. Mafuta ya harufu hupimwa maabara kwa kuchemsha unga na kukusanya mafuta yanayopanda na mvuke, na majibu huja kwa mililita katika gramu 100. Peleka viungo vyako vya sasa, vya bechi tatu tofauti, maabara ya kujitegemea. Majibu yake ndiyo yatakayokuonyesha chako kikoje, na kiwango cha chini mtakiweka hapo, si kwa kukisia. Katika safari hiyohiyo wapime unyevu, na majivu yasiyoyeyuka kwenye tindikali, kipimo kinachofichua mchanga. Chumvi pia wapime, kwa kuwa kama wewe hutii hata chembe, ikionekana imetiwa na wao.

Watu watakuambia utie tone la ayodini, ikigeuka buluu nyeusi ujue kuna unga wa mahindi. Kwa bizari nyembamba tupu jaribio hilo linasaidia. Kwa mchanganyiko wako litakudanganya, kwa sababu pilipili manga ina wanga wake mwenyewe na itageuza rangi hata kama hakuna aliyechakachua. Usiliweke kwenye mkataba, kiwanda kitakushinda kwa hilo siku ya kwanza.

Lakini kinga iliyo kubwa kuliko maabara ni kutowapa mapishi yote. Kampuni ya Coca-Cola haiwapi wajazaji wa chupa siri ya kinywaji. Inawauzia kiini, wao wanaongeza maji, sukari na gesi. Wewe unaweza kufanya vivyo hivyo kwa kadiri yako. Endelea kusaga mwenyewe sehemu yenye siri na yenye gharama, tuseme iliki, karafuu, mdalasini na kungumanga, na uwauzie hiyo kama mchanganyiko mama. Wao wanunue na kusaga bizari na pilipili manga kwa vipimo vyako, kisha wachanganye.

Tuifanyie hesabu. Kilo moja ya viungo inatoa pakiti 20 za gramu 50. Wakiuza pakiti 20,000 kwa mwezi, hiyo ni kilo 1,000. Kama mchanganyiko mama ni sehemu moja katika tano, wanahitaji kilo 200 kutoka kwako kila mwezi. Leo pakiti zako 1,500 ni kilo 75, kwa hiyo itakubidi uongeze kinu, lakini si mbali na unachokijua. Faida yake inakuja mara tatu. Harufu iko mikononi mwako, kuna faida ndogo juu ya kila kilo unayowauzia, na kila kilo inayotoka kwako inakuambia pakiti ngapi zinapaswa kuwa zimetoka kwao. Mwezi waliochukua kilo 200 wakaripoti pakiti 14,000, ama wana akiba ghalani utakayoiona ukienda, ama kuna pakiti 6,000 zilizouzwa bila kuandikwa. Mwezi walioripoti pakiti 20,000 lakini wamechukua kilo 140, jua mchanganyiko umepunguzwa. Bei ya kilo na namna ya kuibadilisha iliki ikipanda iandikwe humohumo, ili wasiseme baadaye kwamba unawakaba.

Baada ya hapo kuna mpango wa kupitisha. Bechi ya kwanza isiuzwe hadi uipitishe kwa maandishi: unga wenyewe, pakiti iliyochapwa, na maneno yote yaliyo juu yake. Ukiipitisha, fungeni chupa tatu za glasi zisizopitisha hewa, mzitie saini wote wawili. Moja ikae kwako, moja kwao, ya tatu kwa mtu mliyekubaliana. Hizo ndizo sampuli za kulinganishia. Viungo vilivyosagwa vinazeeka hata ndani ya chupa, kwa hiyo zibadilisheni kila miezi 6, na hapo ndipo karatasi ya maabara inapokusaidia, kwa sababu tarakimu hazipotezi harufu.

Kwa bechi zinazofuata huna haja ya kwenda Nairobi kila wiki. Watume pakiti mbili za kila bechi kwa basi, zikiwa na namba ya bechi, kabla mzigo haujatoka. Mkataba useme una siku 3 za kazi kujibu, na kwamba ukikataa, bechi hiyo haitoki na jina lako. Watapenda kuandika kwamba ukinyamaza umekubali. Unaweza kukubali hilo kama una hakika utakuwa unafungua kila kifurushi. Kama huna hakika, likatae. Pika pilau dogo kwa kila bechi kama unavyofanya sasa, kisha andika kwenye daftari tarehe, namba ya bechi, harufu, rangi na uamuzi wako. Daftari hilo ndilo jibu ambalo yule mwenye Leonardo da Vinci hakuwa nalo. Mara moja kila miezi mitatu nunua pakiti dukani mwenyewe bila kutaja, Mombasa na Nairobi, uzipeleke maabara. Pakiti ya kiwandani imeteuliwa kwa ajili yako, ya dukani haikuteuliwa. Waandike kwamba gharama ya maabara ni yao kila kipimo kinapofeli.

Taswira ya jina nayo ina sehemu zake za kulindwa. Jina litumike kwa viungo vya pilau tu, si masala ya chai wala mchuzi wa pilipili mpaka mkubaliane upya. Watakuomba hayo mapema sana, mauzo yakianza kunoga. Na kama kiwanda kina viungo vyake chenyewe, kataza pakiti yao isifanane na yako kwa rangi wala mpangilio. Mteja akishindwa kutofautisha, ukiondoka utakuwa umewajengea wao soko.

Tuje kwenye malipo. Badala ya mkupuo, dai mrabaha juu ya mauzo. Tuseme pakiti moja wanamuuzia muuza jumla kwa shilingi 60, na mrabaha ni asilimia 5. Pakiti 20,000 ni shilingi 1,200,000, mrabaha wako ni 60,000 kwa mwezi. Watakata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa mkazi wa Kenya, yaani 3,000, waipeleke KRA, wewe upate 57,000 na cheti cha makato. Linganisha na zile 2,500. Hata wakiuza robo ya hapo, uko mbele mara kadhaa.

Neno linalokula fedha za watu hapa ni "mauzo". Kiwanda huweza kuiuzia kampuni dada yake ya usambazaji kwa shilingi 40, kampuni hiyo ikauza kwa 60, na wewe ukahesabiwa kwa 40. Asilimia 5 ni ileile, lakini umepoteza theluthi. Andika kwamba mrabaha unahesabiwa kwa bei ya kwanza anayolipa mnunuzi asiye na uhusiano na kiwanda, na kwamba kinachotolewa ni mali iliyorudishwa pekee, tena kwa ushahidi wa risiti. Pakiti za bure za "nunua mbili upate moja" zihesabiwe pia, au ziwekewe kikomo, kwa sababu ofa zisizoisha zinashusha jina na mrabaha kwa pamoja.

Weka pia kiasi cha chini cha mwaka kinacholipwa hata wasipouza. Kwa mfano huu, shilingi 360,000 kwa mwaka ni nusu ya matarajio, na ni haki. Kazi ya kiasi hicho ni kumzuia mtu asikufungie jina kabatini ili viungo vyake visipate mshindani. Hizo 300,000 wanazokupa zipokee kama malipo ya awali yatakayokatwa kwenye mrabaha wa mwaka wa kwanza. Muda uwe miaka 3, si 10, na kuongeza kutegemee kama wamefikia kiwango cha mauzo na vipimo.

Pamoja na kilo za mchanganyiko mama, una kipimo cha pili cha kuhesabia, nacho ni rola za vifungashio. Pakiti za namna hii huchapwa kwa silinda za chuma zilizochongwa maalumu kwa mchoro wako, silinda moja kwa kila rangi. Anayezimiliki silinda ndiye anayeamua pakiti zichapwe lini na ngapi. Kiwanda kitajitolea kuzilipia, na hapo ndipo watu wanapokosea kwa kushukuru. Zilipie mwenyewe, hata kama ni kwa kukatwa kwenye malipo ya awali, na uandikiane moja kwa moja na mchapaji kwamba hachapi rola bila barua yako. Rola zilizochapwa, zilizotumika, zilizoharibika na zilizobaki lazima zilingane. Mashine ya kufunga hupoteza kiasi fulani kila inapowashwa, kwa hiyo kubalianeni asilimia ya uharibifu, na vipande vilivyoharibika vihesabiwe kabla ya kuteketezwa.

Kibali cha alama ya ubora cha KEBS kitakuwa cha kiwanda, maana hupewa mtengenezaji. Dai nakala kabla ya bechi ya kwanza, na usiiamini karatasi peke yake. Andika SM# ikifuatiwa na namba ya kibali, utume kwa ujumbe mfupi kwenda 20023, uone kama bidhaa na jina ni zenyewe na kama muda haujaisha.

Na mwisho wa mkataba uandikeni mkiwa bado mnapendana. Ukiisha kwa kawaida, hesabuni pamoja akiba iliyopo siku hiyo, wapewe siku 60 za kuiuza kwa bei ya kawaida, na mrabaha uendelee. Bila hesabu ya siku hiyo, siku 60 zinageuka kuwa ruhusa ya kusaga usiku na mchana. Ukivunjika kwa sababu ya ubora, wasipewe hata siku moja, kwa kuwa bidhaa iliyokufanya uvunje mkataba ndiyo hiyo itakayokuwa ikiuzwa. Rola zilizobaki zirudi kwako au ziteketezwe mbele yako, uandikishwaji wao KIPI ufutwe, KEBS wajulishwe kwamba kiwanda hicho hakitengenezi tena kwa jina lako, na silinda, ambazo tangu mwanzo ni zako, uzihamishie kwa mchapaji wa mtengenezaji utakayemchagua.